Fomula Sahihi Juu, Batili Chini

Kila kikundi cha kuweka na kukopa kina siku moja ambayo wanachama wote hufika bila kukumbushwa, nayo ni siku ya kugawana faida. Zamani hesabu hiyo ilipigwa kwa kalamu na kikokotoo mbele ya kila mtu. Siku hizi mara nyingi katibu huja na karatasi iliyochapwa kutoka Excel, yenye majina, hisa na mgao wa kila mmoja hadi shilingi ya mwisho. Watu huiamini kwa sababu imetoka kwenye kompyuta, na ni kweli kwamba Excel haikosei kujumlisha wala kugawanya. Hata hivyo, kuna kosa moja dogo la kuandika fomula linaloweza kumpa mwenye hisa 50 fedha pungufu kuliko mwenye hisa 40, na kuacha karibu robo ya faida mezani ikiwa haina mwenyewe. Yote hayo hutokea bila seli hata moja kuonyesha alama ya kosa. Chanzo chake ni alama ya dola ambayo haikuandikwa.

Ili kuliona kosa hilo likitokea, tuchukue kikundi cha mfano chenye watu sita. Vikundi halisi huwa na watu wengi zaidi, lakini sita wanatosha kuonyesha kila kitu. Faida ya mzunguko ni shilingi 1,000,000. Kwenye shiti, safu A ina majina, safu B ina idadi ya hisa, na safu C itabeba mgao. Mstari wa kwanza una vichwa vya habari, na wanachama wako mstari wa 2 hadi wa 7. Seli B8 ina jumla ya hisa zote, yaani 200, na faida imeandikwa pembeni kwenye seli F1. Kanuni ya kugawana inajulikana na wote: hisa za mtu zigawanywe kwa hisa zote, kisha zizidishwe kwa faida. Kwa kuwa hisa ni 200 na faida ni milioni moja, kila hisa inastahili shilingi 5,000.

Katibu anaanza na mwanachama wa kwanza, Asha, mwenye hisa 40. Kwenye seli C2 anaandika:

```
=B2/B8*F1
```

Jibu ni 200,000, nalo ni sahihi. Anashika kile kidoti cha mraba kilicho kwenye kona ya chini ya seli, upande wa kulia, na kukiburuta hadi C7 ili fomula ijinakili kwa wote. Mara moja seli zote tano zilizobaki zinajaa maandishi `#DIV/0!`. Akibofya C3 anaona kwamba fomula imegeuka kuwa `=B3/B9*F2`. Ile B8 yenye jumla ya hisa imeshuka hadi B9, ambayo ni tupu. Excel huhesabu seli tupu kuwa sifuri, na hakuna hesabu ya kugawa kwa sifuri. Faida nayo imeachwa nyuma, kwani fomula sasa inaisoma F2, ambayo pia haina kitu.

Hapa katibu ana bahati, kwa sababu kosa limejitangaza lenyewe. Hatari huanza anapolirekebisha nusu. Amewahi kusikia kwamba dola huzuia seli isihame, kwa hiyo anaifunga faida. Kuhusu ile hisa zote iliyoleta `#DIV/0!`, anaona ni afadhali aijumlishe humohumo ndani ya fomula, asitegemee tena B8:

```
=B2/SUM(B2:B7)*$F$1
```

Asha anapata 200,000 kama mwanzo. Katibu anaburuta hadi chini, na safari hii hakuna hata seli moja yenye alama ya kosa. Safu nzima imejaa tarakimu zinazofanana na fedha. Tuziweke kando ya mgao ambao kila mtu alistahili kuupata:

| Jina | Hisa | Mgao uliotoka | Mgao sahihi |
|---|---|---|---|
| Asha | 40 | 200,000 | 200,000 |
| Baraka | 30 | 83,333 | 150,000 |
| Chausiku | 50 | 151,515 | 250,000 |
| Daudi | 20 | 71,429 | 100,000 |
| Esta | 35 | 134,615 | 175,000 |
| Fatuma | 25 | 111,111 | 125,000 |
| Jumla | 200 | 752,004 | 1,000,000 |

Wanachama watano kati ya sita wamepunjwa, na shilingi 247,996 hazikugawiwa mtu yeyote. Chausiku, mwenye hisa nyingi kuliko wote, amepitwa na Asha. Baraka amepoteza zaidi ya theluthi moja ya haki yake.

Bofya seli ya Baraka, C3, uone kilichotokea. Fomula yake inasomeka `=B3/SUM(B3:B8)*$F$1`. Faida imebaki mahali pake kwa sababu ilifungwa kwa dola, lakini eneo la kujumlisha limeshuka hatua moja. Kwa kushuka huko, limeziacha nje hisa 40 za Asha na kuiingiza seli B8 yenye jumla ya 200. Kwa hiyo hisa za Baraka zimegawanywa kwa 360, ilhali zilipaswa kugawanywa kwa 200. Kwa Chausiku eneo limeshuka tena, naye amegawanyiwa kwa 330. Daudi amegawanyiwa kwa 280, Esta kwa 260 na Fatuma kwa 225. Kila mtu amepimwa kwa kipimo chake, na ni Asha peke yake aliyepimwa kwa kipimo halali, kwa kuwa fomula iliandikwa kwenye mstari wake.

Kama mstari wa jumla usingekuwepo chini ya majina, fomula ileile ingeharibu mgao kwa upande wa pili. Eneo la kujumlisha lingekuwa linaingia kwenye seli tupu, hisa za kugawanyia zingepungua kila mstari, na migao ingevimba. Fatuma, aliye wa mwisho, angegawanyiwa kwa hisa zake mwenyewe 25 na kupewa milioni yote, na jumla ya migao ingefika shilingi 2,605,449. Kosa la namna hiyo hugunduliwa mapema kwa sababu fedha haitoshi kulipa. Lile la kwanza ni gumu zaidi kugundulika, kwa sababu fedha inatosha na kubaki, na kila kiasi kinaonekana cha kawaida ukikitazama peke yake. Zaidi ya yote, linaweza kuvunja kikundi. Mweka hazina aliyebaki na karibu laki mbili na nusu mkononi baada ya wote kulipwa hana neno la kuwaambia wenzake wanaoanza kumtazama kwa shaka.

Excel inaelewa nini inaposoma B8

Anayeandika `B8` ndani ya C2 hudhani ametaja seli moja maalumu. Kwa Excel, maana yake ni nyingine: nenda safu moja kushoto kwangu, kisha shuka mistari sita. Ni sawa na kumwelekeza mgeni kwamba duka ni la sita ukishuka kutoka hapo aliposimama. Akisimama mahali pengine na kufuata maelekezo hayohayo, atafika duka jingine. Fomula inaponakiliwa kwenda C3, Excel hubeba maelekezo yaleyale bila kubadilisha kitu: safu moja kushoto, mistari sita chini. Kutoka mstari wa 3, mistari sita chini ni B9.

Tabia hii imewekwa makusudi, na bila hiyo lahajedwali lingekuwa na faida ndogo sana. Hisa za Asha ziko B2, za Baraka ziko B3, na tunataka fomula ihame yenyewe kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Ugumu ni kwamba ndani ya fomula moja mara nyingi kuna vitu vinavyopaswa kuhama na vingine vinavyopaswa kutulia, na Excel haiwezi kukisia kipi ni kipi. Hisa za mtu zihame. Jumla ya hisa na faida zitulie. Mwandishi wa fomula ndiye anayepaswa kusema.

Waliobuni programu hizi walilijua hilo tangu mwanzo. VisiCalc, iliyotengenezwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kuuzwa mwaka 1979 kwa kompyuta za Apple II, ilikuwa ikimuuliza mtumiaji wakati wa kunakili: kwa kila seli iliyotajwa ndani ya fomula, ibaki ilivyo au ihame? Ilichosha, lakini ilimlazimisha mtu kufikiri. Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, iliuhamishia uamuzi huo ndani ya fomula yenyewe kwa alama ya dola, na Excel, iliyotoka mwaka 1985, inatumia alama hiyohiyo hadi leo. Kazi ikawa nyepesi zaidi, ila lile swali likatoweka. Usipoweka dola, programu huchukulia kwamba umeruhusu kila kitu kihame.

Dola inakaa mbele ya kile inachokifunga

Seli ina sehemu mbili katika jina lake: herufi ya safu na namba ya mstari. Dola ikiwa mbele ya herufi, safu haihami. Ikiwa mbele ya namba, mstari hauhami. Kwa hiyo `$B$8` haihami kabisa, `B$8` inaweza kuhama kulia au kushoto lakini haishuki, na `$B8` inaweza kushuka lakini haitoki safu B.

Hakuna haja ya kukariri orodha hiyo. Kabla ya kuburuta, simama kwenye kila seli iliyotajwa ndani ya fomula na ujiulize: nikishuka, hii inapaswa kushuka nami? Kama jibu ni hapana, weka dola mbele ya namba. Kisha jiulize: nikienda kulia, hii inapaswa kwenda nami? Kama jibu ni hapana, weka dola mbele ya herufi. Katibu wetu angejiuliza hivyo, angepata fomula hii:

```
=B2/$B$8*$F$1
```

Au, kama anapenda kujumlisha ndani kwa ndani, hii:

```
=B2/SUM($B$2:$B$7)*$F$1
```

Angalia kwamba eneo la kujumlisha lina ncha mbili, na kila ncha inahitaji dola zake. Ukifunga ya mwanzo peke yake, `$B$2:B7`, eneo litakuwa linarefuka kila mstari. Wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi ili kupata jumla inayokua, kwa mfano akiba ya kikundi tangu Januari hadi kila mwezi. Kwenye mgao, kufunga ncha moja ni kosa lilelile likiwa na sura nyingine.

Kwenye kibodi ya kompyuta huhitaji kuandika dola kwa mkono. Ukiwa ndani ya fomula, weka kishale kwenye jina la seli na ubonyeze F4. Mara ya kwanza `B8` huwa `$B$8`, mara ya pili `B$8`, mara ya tatu `$B8`, na mara ya nne hurudi ilivyokuwa. Kwenye kompyuta ndogo nyingi kitufe hicho hufanya kazi ukikibonyeza pamoja na Fn. Google Sheets nayo inaitambua F4. Kwenye simu, andika dola mwenyewe.

Anayenakili kwenda chini tu angetosheka na dola ya mstari, yaani `B$8` na `F$1`. Dola ya herufi huanza kudai nafasi yake pale fomula inapokwenda kulia pia. Tuseme kikundi kinataka jedwali la riba la kubandika ukutani. Viwango vya mikopo vya 100,000, 200,000 na 300,000 viko A2 hadi A4, miezi 1, 2 na 3 iko B1 hadi D1, na riba ya asilimia 5 kwa mwezi iko F1. Riba ya mkopo ni kiasi mara miezi mara asilimia. Katibu anaandika kwenye B2 `=A2*B1*$F$1` na kupata 5,000, ambayo ni sahihi. Akinakili kulia, mkopo uleule wa laki moja kwa miezi miwili unatoa riba ya shilingi 500. Akinakili chini, mkopo wa laki mbili kwa mwezi mmoja unatoa riba ya shilingi milioni 50. Kulia, fomula ilikiacha kiasi cha mkopo na kuchukua riba ya seli jirani. Chini, iliacha namba ya mwezi na kuzidisha kwa riba ya mstari wa juu.

Hapa dola mbili kwa kila seli hazifai, kwa sababu kiasi cha mkopo kinapaswa kushuka na miezi inapaswa kwenda kulia. Kila kimoja kinafungwa upande mmoja tu:

```
=$A2*B$1*$F$1
```

Kiasi hakitoki safu A lakini kinashuka. Mwezi hautoki mstari wa 1 lakini unakwenda kulia. Fomula hiyo moja ikinakiliwa pande zote mbili inajaza jedwali lote, na mkopo wa laki mbili kwa miezi mitatu unatoa riba ya 30,000 inavyostahili.

Kosa la kinyume nalo lipo. Aliyewahi kuumizwa na fomula inayohama hufunga kila kitu, akaandika `=$B$2/$B$8*$F$1`. Matokeo yake ni wanachama wote sita kupata 200,000 kila mmoja, yaani mgao wa Asha. Ukiona safu nzima ina jibu moja, tafuta dola iliyozidi.

Namna ya kulikamata kabla fedha haijatoka

Watu wengi huhakiki fomula kwa kutazama mstari wa kwanza. Kwa kosa hili, huo ndio mstari usio na cha kukuonyesha, kwa sababu ndipo fomula ilipoandikwa na bado haijahama. Nenda mstari wa mwisho. Bofya seli, bonyeza F2, na Excel itazungushia rangi kila seli ambayo fomula hiyo inaisoma. Kwenye C7 ya katibu wetu, fremu ya rangi ingeonekana ikianzia B7 na kuteremka hadi B12, chini kabisa ya mstari wa jumla. Mtu yeyote angeona kwamba imetoka nje ya orodha. Ukitaka kuziona fomula zote kwa pamoja, bonyeza Ctrl na kile kitufe cha alama ya ` kilicho kushoto mwa namba 1. Soma safu kutoka juu kwenda chini. Vitu vinavyopaswa kutulia viwe vilevile katika kila mstari.

Njia ya pili ni kuwa na seli ya uhakiki. Katika mgao kuna ukweli mmoja unaojulikana kabla hata ya hesabu kuanza: migao yote ikijumlishwa ni lazima iwe sawa na faida. Weka chini ya jedwali fomula hii:

```
=SUM(C2:C7)-F1
```

Jibu liwe sifuri. Tofauti ya shilingi moja au mbili inaweza kutokana na kukata senti. Kwa katibu wetu seli hiyo ingeonyesha upungufu wa 247,996, na hakuna senti zinazoweza kueleza pengo kama hilo.

Uhakiki huo una mpaka wake. Unasaidia pale tu jumla inapojulikana kwa njia nyingine. Kikundi kinachotoza riba ya asilimia 5 kwa mikopo ya viwango mbalimbali hakijui mapema riba yote itakuwa kiasi gani. Fomula `=B2*F1` ikiburutwa bila dola, mkopaji wa kwanza atatozwa riba na wote wanaomfuata watatozwa sifuri kama seli zilizo chini ya F1 ni tupu. Hakuna seli ya jumla itakayolia. Kwa hali kama hiyo chukua mstari mmoja wa katikati na wa mwisho, uvihesabu kwa kikokotoo, kisha ulinganishe.

Usitegemee pia ile pembe ndogo ya kijani ambayo Excel huiweka kwenye fomula isiyofanana na jirani zake. Onyo hilo hutafuta fomula iliyo tofauti na nyingine katika safu. Katika kosa letu, fomula zote ni sawasawa kabisa kwa macho ya Excel. Kila moja inasema chukua seli ya kushoto, uigawanye kwa jumla ya seli sita kuanzia hapo. Zimekosea kwa pamoja, kwa mtindo mmoja, na kwa hiyo hakuna iliyo tofauti ya kuonywa.

Wakati mwingine mpangilio wa makosa wenyewe hupotosha. Mwalimu wa sekondari ana alama za wanafunzi kwenye safu B, na jedwali dogo la madaraja kwenye E2 hadi F6: 0 ni F, 30 ni D, 45 ni C, 65 ni B na 75 ni A. Anaandika kwenye C2:

```
=VLOOKUP(B2,E2:F6,2,TRUE)
```

Akiburuta chini, jedwali linateleza pamoja na fomula. Kwa mwanafunzi wa pili linaanzia 30, na kwa wa tatu linaanzia 45. Mwanafunzi wa tatu mwenye alama 80 bado anapata A yake, ila mwenye 38 angepata `#N/A`. Mwalimu anayeona, kwenye mistari ya mwanzo, `#N/A` kwa wanafunzi wenye alama za chini tu anaweza kudhani kwamba alama zao ziliandikwa vibaya, akaanza kuzisahihisha moja moja, kumbe ni jedwali lililokimbia. Dawa ni ileile, `$E$2:$F$6`.

Dola haifungi milele

Jambo moja huwachanganya hata wazoefu. Dola huzuia kuhama wakati wa kunakili. Haizuii Excel kuifuata seli yenyewe inapohamishwa. Ukiingiza mstari mpya juu ya F1, faida itashuka hadi F2 na fomula zote zitageuka zenyewe kuwa `$F$2`. Hiyo ni tabia njema. Ukiingiza mwanachama mpya katikati ya orodha, `$B$2:$B$7` itapanuka kuwa `$B$2:$B$8`. Ukimwongeza chini kabisa, baada ya Fatuma, huenda asiingie kwenye jumla, naye atapata mgao bila hisa zake kuhesabiwa kwenye kugawanyia. Mwingize katikati, kisha upange majina upya, na baada ya hapo tazama tena seli ya uhakiki.

Wanaochoka na dola wana njia nyingine, nayo ni kuipa seli jina. Bofya F1, nenda kwenye kisanduku kilicho kushoto mwa sehemu ya kuandikia fomula, andika `Faida` na ubonyeze Enter. Fanya vivyo hivyo kwa B8 na uiite `HisaZote`. Sasa fomula inakuwa:

```
=B2/HisaZote*Faida
```

Majina yaliyowekwa kwa njia hii hayahami fomula inaponakiliwa. Tena mwanachama asiyejua Excel hata kidogo anaweza kuisoma fomula hiyo na kuelewa jinsi fedha yake ilivyohesabiwa. Kwa kikundi kinachoendeshwa kwa kuaminiana, uwazi huo una thamani kubwa.

Kwa katibu yeyote anayeandaa mgao wa mwaka huu, ombi ni dogo: usiichape karatasi kabla hujabofya mstari wa mwisho ukaona unasoma wapi, na usiisome mkutanoni bila kuonyesha mstari wa chini unaolinganisha jumla ya migao na faida. Nawe mwanachama unayepokea karatasi hiyo, una haki ya kuuliza swali moja kabla ya kuweka sahihi: migao hii yote ikijumlishwa, inafika faida tuliyotangaziwa? Kama haifiki, au kama inapita, hesabu irudiwe kabla ya shilingi yoyote kutoka.